Dima ya sebuleni Tabata: taa zinacheza, ukuta unavuma

Aliyenipigia simu ni mama mmoja, mwalimu mstaafu anayeishi Tabata, Dar es Salaam. Maelezo yake yalinisaidia sana, kwa sababu alieleza alichokiona bila kutaja anachodhani kimeharibika. Taa za sebuleni zikiwaka mwanga wote hazina shida. Akizungusha kitufe cha dima kuzipunguza, ukuta unaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki. Akizidi kupunguza, mvumo unapungua lakini taa zinaanza kucheza, moja moja kisha zote. Mwisho zinazimika ghafla wakati kitufe bado hakijafika chini.

Fundi aliyetangulia alibadilisha baadhi ya taa mara 2, kisha akasema umeme wa mtaa ule ni mdogo na hakuna la kufanya. Mama hakuridhika. "Mwanangu," aliniambia nilipofika na kumaliza kumwamkia, "umeme ukiwa mdogo, kwa nini taa ya jikoni haichezi?"

Swali lake lilikuwa nusu ya kazi. Tatizo la umeme unaoingia nyumbani huonekana kila chumba, na huonekana hata dima ikiwa juu kabisa. Nilipima kwenye soketi ya sebuleni nikapata volti 226, namba imetulia. Nikamwomba awashe pampu ya maji nione kama taa zinashtuka. Hazikushtuka. Waya uliolegea nao nilianza kuuondoa kwenye orodha, kwa sababu kiungo kilicholegea hakichagui mwanga mdogo au mkubwa. Huchezesha taa wakati wowote, tena mara nyingi huwa kibaya zaidi mzigo ukiwa mkubwa. Hapa ilikuwa kinyume: kadiri mwanga ulivyokuwa mdogo, ndivyo hali ilivyoharibika. Dalili ya namna hiyo inaelekeza kidole kwenye dima na taa zake.

Sebule ile ilijengwa na dari ya jipsamu yenye spotilaiti 8 za soketi ya GU10. Mwanzoni zilikuwa za halojeni, wati 50 kila moja, jumla wati 400, na dima iliwekwa kwa mzigo huo. Miaka michache baadaye, bili ilipomchosha, mama alizibadilisha zote kuwa za LED za wati 5. Jumla ikashuka hadi wati 40. Dima haikuguswa, kwa sababu ilikuwa nzima na hakuna aliyefikiri kwamba kitu kizima kinaweza kuwa si mahali pake.

Nilizima sakiti kwenye ubao mkuu, nikahakikisha kwa tesita kwamba hakuna moto, ndipo nikafungua sahani ya swichi. Hatua hiyo siiruki hata siku moja, kwa sababu kugeuza kitufe cha dima hadi kuzima hakumaanishi waya zilizomo kwenye kiboksi hazina umeme. Skrubu za vituo zilikuwa zimekaza vizuri, hakuna waya ulioungua. Kiboksi kilikuwa na waya 2 tu, wa moto unaoingia na ule unaokwenda kwenye taa. Nyutro ilikuwa imepita darini, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kwetu. Nyuma ya dima kulikuwa na maandishi: volti 230, hezi 50, wati 60 hadi 500, na herufi R na L.

Namba ya 500 ndiyo kila mtu huiangalia. Jibu lilikuwa kwenye 60.

Dima ya aina hii ina kifaa kinachoitwa traiaki, ambacho ni mlango wa umeme usio na sehemu inayosogea. Umeme wetu hupanda na kushuka, upande mmoja kisha mwingine, nusu-wimbi 100 kila sekunde. Mwanzoni mwa kila nusu-wimbi traiaki huwa imefungwa. Husubiri kidogo, kisha hufunguka kwa ghafla na kupitisha sehemu iliyobaki. Ukitaka mwanga mdogo, unairefusha ile subira. Kwa kuwa sehemu inayokatwa ni ya mwanzo wa wimbi, mafundi wengi huiita dima ya ukingo wa mbele.

Mlango huu una tabia moja. Ukishafunguka, hubaki wazi kwa sababu umeme unapita ndani yake, na umeme huo ukipungua chini ya kiwango fulani, kwa kawaida makumi ya miliampea, hujifunga wenyewe. Halojeni za wati 400 zilikuwa zikivuta karibu ampea 1.7, kwa hiyo mlango haukuwahi kukosa wa kuushikilia. Taa za LED zenye jumla ya wati 40 ni habari nyingine. Licha ya kuvuta kidogo, hazivuti kwa mfululizo kama waya unaowaka. Ndani ya kila taa kuna draiva, saketi ndogo inayoilisha LED umeme, yenye kapasita inayogugumia umeme kwa mkupuo mfupi, kisha inanyamaza. Traiaki inafunguka, inapata mkupuo, halafu inaachwa bila kitu mkononi, inajifunga kabla ya wakati, inajaribu kufunguka tena. Nusu-wimbi moja inapita vizuri, nyingine inapita robo, nyingine haipiti. Hapo ndipo taa zinapocheza.

Halojeni ingeficha kasoro hiyo hata kama ingekuwepo. Waya wake ukishawaka moto haupoi ndani ya sehemu ya mia ya sekunde, kwa hiyo nusu-wimbi moja ikikosekana jicho halijui. LED haina joto la akiba namna hiyo, na kinachotokea kwenye umeme hujitokeza upesi kwenye mwanga. Ukitaka kuona jambo hili bila kifaa, rekodi taa kwa simu kwenye video ya mwendo wa polepole. Taa yenye afya inaweza kuonyesha mawimbi ya mwanga yanayofanana na kurudi kwa mpangilio. Hizi za Tabata zilionyesha mapigo yasiyo na mpangilio, moja zito, moja jepesi, mengine yamekosekana kabisa.

Sasa nilikuwa na dhana, lakini dhana si kipimo. Nilizishusha taa zote 8 na kusoma zilivyoandikwa. Sita zilikuwa za aina moja, zile ambazo wauzaji wa Kariakoo huziita dimabo, yaani zinazokubali kupunguzwa kwa dima. Mbili, bila shaka matunda ya ule ubadilishaji wa mara 2, zilikuwa za kampuni nyingine na zilikuwa na alama ya kitufe cha kuzungusha kilichopigwa mstari. Maana yake taa hiyo haikutengenezwa kwa dima ya aina yoyote. Draiva yake hujitahidi kutoa mwanga uleule hata umeme ukikatwakatwa. Inashindana na dima mpaka ishindwe, na huweza kuzivuruga taa jirani zilizo kwenye sakiti moja. Niliziweka kando, nikarudisha zile 6 tu, jumla wati 30, nikawasha na kupunguza. Zilicheza vilevile, pengine kidogo zaidi. Kwa hiyo zile mbili zilikuwa na makosa yake, lakini hazikuwa chanzo peke yake.

Kisha nikafanya jaribio ambalo ningependa kila fundi awe na vifaa vyake mfukoni. Kwenye soketi moja iliyobaki tupu niliweka halojeni ya wati 50 ninayotembea nayo kwa kazi hii. Mzigo ukawa wati 80, juu ya ile 60 iliyoandikwa. Nikapunguza taratibu. Kucheza kulikoma. LED 6 zilishuka kwa utulivu pamoja na halojeni, hadi chini kabisa. Mama alisimama mlangoni akasema, "Basi umepata." Nilimwomba asikilize kwanza.

Ukuta ulikuwa bado unavuma.

Hapa ndipo kisa hiki kinastahili kuandikwa, kwa sababu watu wengi huchukulia mvumo na kucheza kuwa ugonjwa mmoja. Ni magonjwa mawili yanayokaa nyumba moja. Kucheza kulitokana na mzigo kuwa mdogo kuliko kiwango cha chini cha dima, ndiyo maana wati 50 za ziada zilikuponya. Mvumo ulitokana na namna dima inavyokata wimbi, na hilo wati za ziada haziligusi.

Nilikunja gazeti kama bomba, upande mmoja sikioni, mwingine nikauelekeza ukutani, halafu kwenye taa moja moja. Sauti zilikuwa za aina mbili. Ya ukutani ilikuwa nzito, ya taa ilikuwa nyembamba, kama ya mbu. Zote zilikuwa kubwa zaidi kitufe kikiwa katikati, si kikiwa chini. Hilo si bahati. Kitufe kikiwa katikati, traiaki hufunguka pale wimbi lilipo kwenye kilele chake. Kilele cha umeme wa volti 230 ni kama volti 325. Fikiria basi: taa imekaa bila kitu, halafu kufumba na kufumbua inapigwa na volti 325, na jambo hilo linajirudia mara 100 kwa sekunde. Kapasita ya draiva inameza pigo hilo kwa mkupuo mkali. Ndani ya dima kuna koili iliyowekwa ili kulainisha mshtuko huo usisumbue redio, na kila pigo linaitikisa. Huo ndio mvumo mzito. Ndani ya taa, vijikoili na vikapasita vidogo navyo vinatikisika, na ndiyo sauti ya mbu. Kitufe kikishuka chini kabisa, mlango hufunguka wimbi likiwa tayari limeshuka, pigo linakuwa dogo, mvumo unapungua. Mama alikuwa ameshaniambia hivyo kwa simu, kwa maneno yake mwenyewe.

Wapo wanaoacha halojeni moja kati ya LED na kuita kazi imekwisha. Nimeziona nyumba kadhaa za hivyo. Kucheza kunaisha kweli, lakini halojeni hiyo moja hula umeme kuliko zile 6 pamoja, mwanga wake ni wa rangi tofauti, mvumo unabaki, na siku itakapoungua mwenye nyumba atajikuta alipokuwa bila kujua sababu. Kuna pia kijisanduku kidogo kinachofungwa sambamba na taa kule darini ili kumpa traiaki umeme wa kushikilia. Hicho ni cha heshima zaidi na kuna mahali nakitumia, hasa pale dima yenyewe haiwezi kubadilishwa. Lakini nacho hutibu kucheza tu. Mama huyu alilalamikia mvumo kwanza, kwa sababu jioni hupunguza taa ili asikilize taarifa ya habari.

Dawa ya yote mawili ilikuwa kubadilisha dima yenyewe, tuweke ya ukingo wa nyuma. Hii haitumii traiaki. Hutumia mosfeti, swichi za kielektroniki ambazo hufunguka na kufungwa kwa amri bila kungoja umeme uzishikilie. Hufunguka wimbi likiwa sifuri, huliacha lipande lenyewe, kisha hulikata sehemu ya mwisho. Kwa kuwa taa inapokea umeme unaoanzia sifuri na kupanda, kapasita hainywi kwa mkupuo mkali, na hakuna kinachopigwa. Na kwa kuwa mosfeti haihitaji umeme mwingi ili kubaki wazi, kiwango cha chini cha dima hizi huwa wati chache tu.

Dukani sikutafuta dima yenye namba kubwa. Nilitafuta mambo matatu nyuma ya sahani: herufi R na C, kiwango cha LED kilichoandikwa peke yake, na uwezo wa kufanya kazi kwa waya 2 bila nyutro. Herufi hizi zina maana rahisi. R ni mzigo wa joto kama balbu za waya na halojeni. L ni mzigo wa koili, kama transfoma ya chuma. C ni mzigo wenye kapasita mbele yake, na humo ndimo zinamoingia transfoma za kielektroniki na taa nyingi za LED. Dima ya zamani ilikuwa R na L. Yaani ilikuwa imejieleza nyuma yake kwamba mzigo wa aina ya C si wake.

Niliyoinunua ilikuwa na wati 5 hadi 150 kwa LED. Wati 40 zinakaa humo vizuri, mbali na ukingo wa chini na mbali na wa juu. Kuhusu huo wa juu, ile dima ya zamani ya wati 500 mtu angeweza kudhani inabeba LED 100 za wati 5. Haibebi. Kwa sababu ya ile mikupuo, dima ya ukingo wa mbele isiyoandikwa kiwango cha LED naihesabia sehemu ya kumi tu ya wati zake, na hata hapo nakuwa mwangalifu. Wati 500 zinakuwa kama 50 za LED. Ukiangalia, kwenye sebule ile ukingo wa chini ulikuwa 60 na ukingo wa juu kwa LED 50, yaani hakukuwa na idadi yoyote ya taa za LED ambayo ingeifaa dima ile.

Nilinunua pia taa 2 za aina ileile ya zile 6, ili zote 8 ziwe ndugu. Taa za kampuni mbili tofauti, hata zote zikiwa dimabo, huwa hazishuki pamoja. Moja huzimika mapema, nyingine hubaki inawaka, na mwenye nyumba hudhani dima ni mbovu.

Kufunga kulichukua dakika 15. Kurekebisha kulichukua muda zaidi, na ni sehemu ambayo mafundi wengi huiruka. Pembeni ya kitufe kuna skrubu ndogo ya kuweka kiwango cha chini cha mwanga. Nilishusha kitufe hadi mwisho, nikageuza skrubu kidogo kidogo mpaka taa moja ikaanza kutetereka, kisha nikarudisha juu hadi zote zikatulia. Baada ya hapo nilizima, nikangoja, nikawasha kitufe kikiwa chini vilevile. Taa 2 hazikuwaka. Draiva ya LED huhitaji umeme mwingi kidogo kuanza kuliko kuendelea, kwa hiyo kiwango kinachoonekana kizuri ukishuka kutoka juu kinaweza kushindwa ukianzia gizani. Nilipandisha skrubu kidogo tena, nikarudia mara 5, zote 8 zikaitika kila mara.

Sikuishia hapo. Nilimwambia mama nitarudi saa mbili usiku, wakati watu wa mtaa wanapika na kupiga pasi. Nilipopima usiku ule soketi ilisoma volti 209. Dima hizi ndogo hazifidii volti zinaposhuka. Hukata wimbi palepale, na wimbi lenyewe likiwa fupi taa hupata kidogo zaidi. Kwenye kiwango nilichoweka mchana, taa moja ilikuwa inatetereka kwa mbali sana, ukiiangalia kwa pembe ya jicho. Nikapandisha skrubu kwa mara ya mwisho, zikatulia. Kwa hiyo yule fundi wa kwanza hakukosea kabisa kuhusu umeme wa mtaa, ila aliutwisha lawama yote wakati ulistahili sehemu ndogo.

Nilimweleza mama na kile ambacho hatukupata. Halojeni zake za zamani zilikuwa zikishuka hadi kuwa kama makaa, mwanga ukigeuka mwekundu kidogo kadiri unavyopungua. LED za kawaida hubaki na rangi yake, na hizi zinashuka hadi kama sehemu ya kumi ya mwanga wake, ambayo kwa jicho huonekana kama theluthi hivi. Kushuka zaidi ya hapo kungehitaji taa za draiva bora, si dima nyingine. Alisema kwa taarifa ya habari inatosha. Tuliketi dakika kadhaa, feni imezimwa, tukisikiliza. Ukutani kimya. Kwenye taa, ukipanda kiti na kuweka sikio, unasikia kitu kidogo sana, lakini ukikaa kwenye kochi husikii.

Aliuliza kama dima hiyohiyo ingefaa kwa feni ya chumbani, kwa kuwa regulata yake imechoka. Nilimkataza. Feni ni koili, na ukiukata umeme wa koili katikati ya safari hurusha volti kubwa kurudi nyuma, jambo linaloweza kuua mosfeti. Kwa sababu hiyohiyo, mtu mwenye spotilaiti za volti 12 zinazolishwa na transfoma nzito ya chuma darini asinunue ya R na C. Hapo ukingo wa mbele, wenye herufi L, ndio mahali pake, mradi mzigo ufikie kiwango cha chini. Na kama bado una taa ya kuning'inia yenye balbu 6 za waya za wati 40, zile wati 240 zinaitosha dima ya zamani bila kulalamika. Ile ya mama niliifunga kwenye mfuko nikamwachia. Haikuwa mbovu.

Kabla ya kurudisha sahani niliandika nyuma yake kwa kalamu ya wino: LED 8 × 5 W, jumla 40 W, dima R, C, 5–150 W, na tarehe. Taa 2 za akiba za aina ileile ziko kwenye droo ya kabati la runinga, bado ndani ya boksi lake, ili atakayekuja siku moja ikiungua asinunue ya kwanza atakayoiona.